Moyo Ulioachwa Mtini: Jinsi Kisa cha Kima na Papa Kinavyogeuka Katuni

Mwenye kusimulia hadithi ya kima na papa hufika mahali akapunguza sauti. Kima yuko mgongoni mwa papa, katikati ya bahari, na papa amekwisha kumwambia kuwa sultani wa papa anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Msimulizi hunyamaza kidogo. Kisha kima hujibu bila kutetemeka kwamba laiti angeambiwa mapema, maana kima wakitoka matembezini huiacha mioyo yao mtini. Watoto hucheka, kwa sababu sauti ya msimulizi imewakonyeza: huu ni uongo, na papa ameumeza.

Katika katuni hakuna wa kuwakonyeza hivyo. Mtazamaji huamini kile macho yake yanachoona, na uongo hauna umbo. Kazi nzima ya kuigeuza hadithi hii kuwa filamu fupi inazunguka swali moja: uongo wa kima utaonekanaje? Tuifuate kazi hiyo tangu kisa chenyewe hadi agizo la picha la kila onyesho, yaani yale maneno machache anayoandikiwa mchoraji ili ajue achore nini.

Kisa chenyewe na safari yake

Kisa hiki kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Humo kinaitwa kisa cha punda wa dobi, kwa kuwa kima akishaokoka humsimulia papa hadithi nyingine ndani ya hadithi, ya punda aliyeponea makucha ya simba mara ya kwanza kisha akajirudisha mwenyewe.

Mizizi yake iko ng'ambo. Wahindi wanayo katika Panchatantra, na mnyama wa majini huko ni mamba ambaye mkewe anautamani moyo wa kima. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ni kobe wa majini. Ilipokuwa hadithi ya Unguja, mamba akawa papa, na mke akawa sultani. Kila pwani imemweka mnyama wa maji yake, na mchoraji ana ruhusa ileile. Kisichobadilika popote ni mti, mgongo na moyo.

Filamu yetu ni ya dakika 4. Hadithi ya punda inabidi iachwe, kwani yenyewe ingekula dakika nyingine 4 na ina simba na sungura wake wa kuchorwa. Jambo moja ambalo wengi hulisahau lazima libaki. Kima hakuomba kurudishwa. Alimwambia papa kwamba kama anadhani ni woga, basi waendelee na safari, wafike, wamchinje, watazame kama watauona huo moyo. Ndipo papa akageuka mwenyewe. Uongo ulifanikiwa kwa sababu mwongo hakuonekana kuwa na haraka.

Hesabu ya michoro

Filamu huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Dakika 4 ni sekunde 240, kwa hiyo fremu 5,760. Wachoraji wengi huacha kila mchoro ukae fremu mbili na jicho halilalamiki, lakini hata hivyo ni michoro 2,880. Kikundi cha watu watatu kikichora kila kitu upya kitachoka kabla kima hajapanda mgongoni.

Njia nyepesi ni ya vipande. Mhusika hukatwa viungo, kila kiungo kikachorwa mara moja, kisha viungo vikasogezwa kidogo kidogo. Lotte Reiniger, Mjerumani, alitengeneza filamu ndefu nzima ya vivuli vya karatasi kwa njia hii mwaka 1926. Leo vipande hukatwa ndani ya kompyuta, lakini akili ni ileile. Kima wetu ana vipande 12: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili yenye vipande viwili viwili, miguu vivyo hivyo, na mkia wa vipande viwili. Papa ana 6: kichwa, kiwiliwili chenye pezi la mgongoni, mkia, taya la chini, na mapezi mawili ya ubavuni.

Sauti hurekodiwa kwanza. Msimulizi asizidishe maneno 300, ili picha nazo zipate nafasi ya kusema. Baada ya hapo ndipo michoro ya mpangilio, ambayo wenyewe huiita storibodi, hupangwa juu ya sauti hiyo.

Sura za wahusika

Kabla ya onyesho la kwanza kila mhusika huchorewa karatasi yake: mbele, ubavuni, nyuma, kisha nyuso nne au tano za hisia mbalimbali. Karatasi hiyo ndiyo inayozuia kima wa onyesho la kwanza asiwe mnyama mwingine kufikia la sita.

*Kima.* Kwanza tuulize ni kima gani. Unguja inajulikana kwa kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani kama zimepigwa na upepo. Anavutia kuchora, ila hafai hapa. Kima punju hula majani na matunda mabichi, na kidole gumba cha mkono wake hakionekani, ilhali kima wa hadithi anachuma matunda mabivu siku nzima na kuyarusha. Anayefaa ni yule wa kijivu mwenye koo jeupe. Urefu wake akisimama ni vichwa vitatu, bila mkia. Maumbo yake yote ni ya duara: kichwa, tumbo, magoti, na mkia unaojikunja mwishoni kama alama ya kuuliza. Koo lile jeupe lina kazi maalumu. Kima hulifunika kwa kidevu anapoogopa na kulionyesha anapojiamini, kwa hiyo hofu yake itasomeka hata akiwa mdogo ndani ya picha ya mbali.

*Papa.* Urefu wake ni mara nne ya kima aliyeketi, ili mgongo utoshe bila papa kuijaza picha nzima. Ni wa buluu-kijivu juu na mweupe tumboni, ana mipasuko mitano ya matamvua kila upande, na mkia wake umesimama wima. Hapa makosa hutokea mara nyingi. Mkia ukilazwa bapa umechora pomboo. Papa huogelea kwa kuuyumbisha mkia kushoto na kulia. Maumbo yake ni ya pembetatu, lakini ncha ya pua tunaiviringisha, kwa sababu papa huyu si jambazi. Ni rafiki wa kweli aliyebanwa na amri ya sultani. Hana nyusi za kukunja. Hisia zake tutazionyesha kwa mwili mzima, yaani kwa kina anachoogelea. Akifurahi huelea juu, na akiwa na jambo moyoni huzama.

*Mkuyu.* Mti nao ni mhusika. Shina lake ni nene, la rangi ya manjano iliyofifia, na nusu ya matawi iko juu ya nchi kavu, nusu juu ya bahari. Makuyu hayaning'inii kwa vikonyo virefu kama maembe. Hubanana kwa vishada kwenye shina na matawi manene. Tunayachora mekundu, kila kuyu likiwa na ukubwa wa ngumi ya kima, kwa sababu maalumu itakayoonekana mwishoni.

Jaribio la mwisho ni kumpaka kila mhusika rangi nyeusi tupu. Mtu asiyeijua hadithi akishindwa kumtambua kwa kivuli chake, karatasi irudi mezani.

Agizo la picha linavyoandikwa

Niliwahi kumwandikia mchoraji: "Kima anashtuka, akikumbuka wema wote aliomtendea papa." Karatasi ilirudi na alama ya kuuliza kubwa. Kushtuka kunachorwa vipi? Na kumbukumbu iko upande gani wa picha? Nilichotakiwa kuandika ni hiki: "Kima ameshika pezi kwa mikono miwili, kidevu kimefunika koo, macho wazi, kuyu limemponyoka na linaelea majini." Hayo yanachoreka, na mshtuko umo ndani yake.

Agizo zuri hujibu mambo matano: ni wapi na saa ngapi, nani yumo na yuko upande gani, anatenda tendo gani moja, kamera iko mbali au karibu, na mwanga na rangi zikoje. Tendo liwe moja tu. Ukiandika kwamba kima anapanda, anageuka na kucheka, hizo ni picha tatu, na mchoraji atachagua moja ambayo huenda siyo uliyoitaka. Alama za mhusika, kama koo jeupe na pua ya mviringo, zirudiwe katika kila agizo hata kama zinachosha kuandika.

Upande nao ni sheria. Mti wetu uko kushoto mwa picha. Kwenda baharini ni kutoka kushoto kwenda kulia, kurudi ni kulia kwenda kushoto. Ukichanganya mara moja tu, mtazamaji atadhani papa bado anampeleka kima kwa sultani, na hadithi itakuwa imekufa bila wewe kujua. Mwonyeshe mtu michoro bila sauti, kisha muulize wanaelekea wapi. Akisita, kuna picha imegeuzwa.

Maonyesho saba

*Onyesho la 1, sekunde 40: Urafiki.* Msimulizi anafungua kwa "Paukwa!" na sauti za watoto zinaitikia "Pakawa!" Kima anakula makuyu, moja kinywani, moja majini kwa papa. Mlio wake ni mmoja tu, chubwi, na tutausikia tena.
Agizo la picha: *Ufukwe, asubuhi. Mkuyu kushoto, nusu ya matawi juu ya maji. Kima wa kijivu mwenye koo jeupe ameketi kwenye tawi nene, mkono mmoja umeachia kuyu jekundu lililo hewani. Chini yake papa mwenye pua ya mviringo amefungua kinywa, mgongo wote uko juu ya maji. Picha ya mbali. Mwanga wa manjano, maji ya kijani kibichi angavu.*

*Onyesho la 2, sekunde 30: Mwaliko.* Papa anataka kulipa fadhila, amkaribishe kima kwao. Kima anasema yeye ni mnyama wa nchi kavu. Papa anaahidi kuwa hata tone halitamgusa. Ahadi hii ni ya kutazamwa, kwa hiyo tunaionyesha kwa miguu mikavu.
Agizo la picha: *Mahali palepale. Mguu mmoja wa kima bado uko kwenye tawi, wa pili umegusa mgongo wa papa, mkavu, juu sana ya maji. Kima ana kuyu moja mkononi. Picha ya karibu ya miguu na mgongo, nyuso hazionekani. Mwanga uleule wa manjano.*

*Onyesho la 3, sekunde 35: Safari.* Hakuna maneno. Mkuyu unapungua nyuma yao, jahazi linapita mbali, na rangi inaanza kupoa.
Agizo la picha: *Bahari wazi, mchana. Papa anaogelea kwenda kulia, mkia umepinda ubavuni. Kima amekaa ameegemea pezi la mgongoni kama mtu aliyekaa kwenye kiti, koo jeupe liko wazi. Mkuyu ni doa dogo ukingoni kushoto, jahazi lenye tanga moja kwenye upeo wa macho. Picha ya mbali sana, mbingu theluthi mbili. Maji yanatoka kijani kwenda buluu nzito.*

*Onyesho la 4, sekunde 40: Ukweli.* Papa anasema kuhusu sultani na dawa. Hatumwonyeshi sultani kabisa, kwani akionekana atakuwa adui, na adui hapa ni hali yenyewe. Papa anapoungama mwili wake unazama, na ile ahadi inavunjika mbele ya macho yetu kabla kima hajasema neno.
Agizo la picha: *Kati ya bahari, wingu limeziba jua. Papa amezama, pua ya mviringo inatazama chini, pezi tu na sehemu ya mgongo viko juu. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu ya kima. Kima ameshika pezi kwa mikono miwili, kidevu kimefunika koo jeupe, kuyu lake linaelea pembeni. Picha ya kati, kamera usawa wa maji. Buluu-kijivu pote, chekundu ni kuyu peke yake.*

*Onyesho la 5, sekunde 30: Uongo.* Hapa ndipo filamu inaponea au inapozama. Kima analiangalia lile kuyu linaloelea. Ni jekundu, lina ukubwa wa ngumi. Anainua kidevu, koo jeupe linaonekana tena, na anasema mioyo huachwa mtini. Halafu anaonyesha mbele, kulia, kuelekea kwa sultani: twende basi, mkanitazame. Mtazamaji ameona kuyu na ameona koo likifunuliwa, kwa hiyo anajua wazo limetoka wapi. Papa alikuwa akitazama chini, hajaona kitu. Hiyo ndiyo sauti ya msimulizi iliyogeuzwa kuwa picha.
Agizo la picha: *Palepale. Kima ameketi wima juu ya mgongo uliozama, kidevu juu, koo jeupe wazi, mkono mmoja umenyooka kuonyesha kulia. Kuyu jekundu linaelea mbele ya picha, kubwa kwa kuwa liko karibu na kamera. Kichwa cha papa kiko chini ya maji, macho yanatazama vilindini. Mwale mmoja wa jua unamwangukia kima.*

*Onyesho la 6, sekunde 30: Kurudi.* Papa anageuka. Mgeuko wenyewe uchukue sekunde 5 kamili, bila kukatizwa, mtazamaji aone mzunguko wote wa mwili. Baada ya hapo kila kitu kinakwenda kushoto.
Agizo la picha: *Bahari wazi, alasiri. Papa anaogelea kwa kasi kwenda kushoto, mgongo umeinuka juu ya maji, povu nyuma ya mkia. Kima ameinama mbele, mkia umenyooka bila kujikunja, macho yako kwenye mkuyu unaokua ukingoni kushoto. Picha ya mbali. Maji yanarudi kijani, mwanga wa rangi ya chungwa.*

*Onyesho la 7, sekunde 35: Mtini.* Kima anaruka, anapanda, ananyamaza. Papa anaita mara ya kwanza, kimya. Anaita mara ya pili. Katika masimulizi ya Unguja kima humuuliza kama anamwona yeye kuwa punda wa dobi, kisha anaanza kisa kingine. Sisi tumekiacha kile kisa, kwa hiyo tunahitaji jibu lisilo na maneno. Kuyu moja linaanguka kutoka juu. Chubwi.
Agizo la picha: *Ufukwe, magharibi. Tunatazama kutoka juu ya mti: kima kwa nyuma, mbele ya picha, mkia umejikunja tena, mkono wazi mtupu. Vishada vya makuyu mekundu vimemzunguka pande zote. Chini kabisa papa mdogo ametazama juu, na mbele ya pua yake ya mviringo mawimbi ya duara yanatanuka pale kuyu lilipoangukia. Zambarau na chungwa. Makuyu ndiyo yanayong'aa.*

Kilicho mashakani

Onyesho la mwisho lina hatari yake. Watoto wadogo wanaweza kudhani kwamba kuyu lile ni moyo kweli, na kwamba kima ametimiza ahadi. Kuna njia mbili za kuzuia hilo. Ya kwanza ni mlio: chubwi ya mwisho iwe ileile ya onyesho la 1, isikike kama tunda wala si kitu kipya. Ya pili ni papa mwenyewe. Katika onyesho la 1 alilimeza kuyu kabla halijazama. Safari hii aliache lielee mbele ya pua yake kwa sekunde 4, kisha ageuke na kwenda zake taratibu, akizidi kuzama. Hapo hata mtoto ataona kwamba papa ameelewa.

Ikiwa bado kuna shaka, jaribio ni lilelile la michoro bila sauti. Bandika picha saba ukutani na umwite mtoto asiyekijua kisa. Usimuulize mafunzo ya hadithi. Muulize moyo wa kima uko wapi. Akionyesha mti, filamu yako imemdanganya pamoja na papa, urudi kwenye onyesho la 5. Akionyesha kifua cha kima na kucheka, anza kukata vipande.